Bosi anadai tukikopa bilioni 4 kiwanda kinapanda thamani kutoka bilioni 7 hadi 13 bila kuongeza mashine. Inawezekana?

#1 Mizani ya Singida

Wakuu, salaam.

Mimi ni mhasibu wa kiwanda cha kukamua alizeti. Kiwanda ni cha ndugu wawili, nusu kwa nusu, na hakidaiwi hata senti. Faida ni kama bilioni 2 kwa mwaka. TRA inachukua asilimia 30, inabaki bilioni 1.4. Wenyewe wanasema pesa yao isipozaa asilimia 20 ni afadhali waipeleke kwingine. Kwa hiyo ukigawa 1.4 kwa 0.20 unapata thamani ya bilioni 7.

Sasa mdogo mtu anataka kutoka, na anataka bilioni 4. Benki imekubali kuikopesha kampuni kwa riba ya asilimia 12. Kampuni inakopa, inamlipa, mkubwa anabaki peke yake. Mkubwa ndiye bosi wangu, na jana amenipa karatasi yenye hesabu hii: vitabuni mtaji ni bilioni 5, tukimlipa mdogo unabaki 1, na deni ni 4. Riba ya 12 ukiondoa nafuu ya kodi ni 8.4.

```
0.8 × 8.4% + 0.2 × 20% = 10.72%
1.4 / 0.1072 = 13.06 (bilioni)
```

Anasema, "Tunamlipa nne, tunapata sita." Mimi moyo umekataa, lakini nikiangalia kanuni ya wastani wa gharama ya mtaji (WACC) jinsi tulivyofundishwa, sioni alipokosea. Nisaidieni kabla ya kikao cha Ijumaa.

#2 Hisa Tatu

Bosi yuko sahihi kwa mwelekeo, kazidisha tu. Deni ni rahisi kuliko hisa, hilo halina ubishi. 12 ni ndogo kuliko 20. Ukichanganya cha bei nafuu na cha bei ghali wastani unashuka. Kosa lake ni kutumia thamani ya vitabuni. Tumia ya sokoni.

#3 Dereva Mstaafu

Usikope. Mimi nilikopa kununua malori matatu, riba 18. Mteja wangu mkubwa akachelewesha malipo miezi minne, benki haikuchelewa hata wiki moja. Leo nina lori moja na ninaendesha mwenyewe. Hesabu za karatasi zote zilikuwa nzuri.

#4 Mizani ya Singida

Pole sana mzee wangu @Dereva Mstaafu. Hapa ila siulizi kama tukope au tusikope. Nauliza kama thamani inaweza kupanda hivyo kwa kukopa tu.

@Hisa Tatu, ya sokoni ndiyo ipi? Hisa zetu haziko Soko la Hisa Dar es Salaam. Hazijawahi kuuzwa.

#5 Fundi Hesabu

Dada Mizani, karatasi ya bosi ina makosa mawili. La vitabu ameligusa #2. Kubwa zaidi ni ile 20 aliyoiacha palepale baada ya kukopa. Hapo ndipo bilioni sita zilipozaliwa.

Ili tuone vizuri, tusahau kodi kwanza. Tusahau pia nani analipwa nini. Chukulia nchi isiyo na kodi ya kampuni: faida bilioni 2, wenye hisa wanadai asilimia 20, thamani ni bilioni 10. Sasa kampuni inakopa bilioni 4 kwa asilimia 12 na kuwagawia wenye hisa. Riba ni milioni 480 kwa mwaka. Kwa wenye hisa inabaki milioni 1,520, na hisa zao sasa ni bilioni 6.

Gawanya 1,520 kwa 6,000. Ni asilimia 25.33, sio 20 tena. Rudisha kwenye wastani: 0.4 mara 12 ni 4.8, na 0.6 mara 25.33 ni 15.2. Jumla ni 20. Ilikuwa 20 kabla ya kukopa na imebaki 20.

Modigliani na Miller waliliandika hili mwaka 1958. Unachookoa kwa kutumia deni la bei nafuu, unakilipa chote kwa wenye hisa wanaodai asilimia kubwa zaidi. Chini hapa rE ni asilimia wanayodai wenye hisa kukiwa na deni, r0 ni wanayodai bila deni, rD ni riba ya deni, D ni deni na E ni thamani ya hisa.

```
rE = r0 + (r0 - rD) × D/E
25.33% = 20% + (20% - 12%) × 4/6
```

#6 Hisa Tatu

Fundi, umezunguka. Umeanza kwa kusema hisa ni bilioni 6, yaani 10 toa 4. Umeshachukulia kwamba jumla haibadiliki, halafu unashangaa kwamba haikubadilika. Kwa nini hisa zisiwe bilioni 7.6? 1,520 gawanya 0.20 ni 7,600. Ongeza deni 4,000, unapata 11,600. Ndicho anachosema bosi.

#7 Kibosho Juu

@Hisa Tatu swali lako ni zuri, ngoja nilijibu kwa mfereji. Kwetu mlimani mfereji mmoja unapita mashamba mengi, na kila mtu ana zamu yake. Benki ni shamba la juu: inamwagilia kwanza, kipimo kile kile, kiangazi na masika. Mwenye hisa ni shamba la chini, anapata kinachobaki. Maji yote ni yale yale. Kumpa wa juu uhakika hakuleti mvua, kunamwongezea wa chini wasiwasi. Sasa shamba la chini utalinunua kwa bei ile ile ya mwanzo? Hapana. Utataka faida kubwa zaidi ndiyo ukubali.

Pima kwa namba za Fundi. Mwaka mbaya faida ikiwa bilioni 1 badala ya 2: bila deni wenye hisa wanapata asilimia 10. Wakiwa na deni wanapata 520 juu ya 6,000, yaani 8.67. Mwaka mzuri wa bilioni 3: bila deni 30, na deni 42. Kutoka 10 hadi 30, na kutoka 8.67 hadi 42. Mashine zile zile, alizeti ile ile, ila mtikisiko sio ule ule.

#8 Fundi Hesabu

Mfano wa mfereji nimeupenda, ila kwangu hatari ni matokeo, haijafunga hoja. Kinachofunga hoja ni kwamba mwenye hisa anaweza kukopa mwenyewe. Chukulia kampuni yenye deni imepanda hadi bilioni 11.6 na pacha wake asiye na deni yuko 10. Mimi mwenye asilimia 1 ya hisa za yule mwenye deni ninauza kwa milioni 76. Ninakopa milioni 40 kwa asilimia 12, ninanunua asilimia 1 ya pacha kwa milioni 100. Mwaka ukiisha nalipwa milioni 20, nalipa riba milioni 4.8, nabaki na 15.2. Ni pesa ile ile niliyokuwa napata mwanzo, mwaka mbaya na mzuri, lakini mfukoni nina milioni 16 za ziada. Kila mtu akifanya hivyo bei zinakutana.

#9 Hisa Tatu

Unakopa milioni 40 kwa asilimia 12 wapi, mkuu? Mimi nilikopa SACCOS kununua hisa, nikalipa asilimia 1.5 kwa mwezi. Kampuni inapata 12, mimi 18. Hapo pacha wako kafa.

#10 Fundi Hesabu

Hapo umenibana kidogo. Ikiwa kampuni inakopa kwa bei nafuu kuliko wanahisa wake, hoja ya kukopa mwenyewe inalegea. Lakini haihitaji wewe wa SACCOS uifanye. Inahitaji wachache wanaoweza, au kampuni nyingine ya kutosha. Kwa soko letu dogo sibishi kwamba inachelewa.

#11 Kibosho Juu

Ndiyo maana nikasema mfereji. Mfereji hauhitaji SACCOS.

#12 Kijana wa Nakuru

Hamjambo. Nimefuatilia kimyakimya. Sasa rudisheni kodi, maana hakuna anayeishi kwenye nchi ya #5.

#13 Fundi Hesabu

Naam. Rudi kwenye kiwanda cha dada Mizani. Bila deni: 2,000 toa kodi 600, inabaki 1,400, thamani bilioni 7.

Na deni la bilioni 4 linalokaa milele: 2,000 toa riba 480 ni 1,520. TRA inakata asilimia 30 ya hiyo, yaani 456. Wenye hisa wanabaki na 1,064. Benki inapata 480. Jumla ya kinachotoka kwa waliotoa pesa ni 1,544, wakati mwanzo kilikuwa 1,400. Hizo 144 zimetoka TRA. Ni asilimia 30 ya riba, kila mwaka. Ukichukulia zina uhakika kama deni lenyewe, 144 gawanya 0.12 ni milioni 1,200.

Thamani basi ni 7 + 1.2 = bilioni 8.2. Deni 4, hisa 4.2.

```
rE   = 20% + (20% - 12%) × (1 - 0.30) × 4/4.2 = 25.33%
WACC = (4.2/8.2) × 25.33% + (4/8.2) × 12% × 0.70 = 17.07%
```

1,400 gawanya 0.1707 inarudi 8,200. Kwa hiyo ndiyo, penye kodi wastani unashuka. Unashuka kutoka 20 hadi 17.07. Haufiki 10.72.

#14 Mizani ya Singida

Asante sana. Kitu kimenishangaza: 25.33 imetokea tena! Kwenye nchi isiyo na kodi na kwenye nchi yenye kodi. Ni bahati?

#15 Hisa Tatu

Bahati ya namba tu. Fundi kachagua namba zinazokubali.

#16 Kijana wa Nakuru

Ngojeni nijaribu kwa yetu. Kenya kodi ya kampuni ilishushwa hadi asilimia 25 Aprili 2020 kwa sababu ya korona, ikarudi 30 Januari 2021. Kwa 25: 2,000 mara 0.75 ni 1,500, gawanya 0.20 ni 7,500. Nafuu ni 0.25 mara 4,000 ambayo ni 1,000. Jumla 8,500, hisa 4,500. Wenye hisa wanapata 1,520 mara 0.75, ni 1,140. Gawanya kwa 4,500...

25.33 tena. Si bahati, bwana.

#17 Mama Kodi

Si bahati hata kidogo. Nimekaa kwenye ushauri wa kodi miaka mingi na naiona hivi: TRA ni mbia wa tatu. Ana asilimia 30 ya kila shilingi inayobaki baada ya riba, hakuweka mtaji, hana kura. Anakaa upande ule ule wa wenye hisa, chini ya mfereji wa @Kibosho Juu. Mwaka mbaya anapata kidogo, mwaka mzuri anapata kingi. Kwa hiyo kodi inapunguza pesa ya wenye hisa na inapunguza thamani ya hisa zao kwa kipimo kimoja. Bila kodi hisa zilikuwa bilioni 6, zikate asilimia 30, unapata 4.2. Mapato 1,520, yakate asilimia 30, unapata 1,064. Ukigawa, asilimia 30 zimejifuta.

Kodi haibadilishi kiasi ambacho deni la bilioni 4 linamtikisa mwenye hisa. Kinachobadilika ni kwamba deni linamtoa TRA kwenye meza kwa sehemu. Ukiwa na hisa tupu, TRA anashika bilioni 3 kati ya 10. Ukiwa na deni la 4, anashika 1.8. Hiyo 1.2 ndiyo faida yote ya kukopa, haina chanzo kingine.

#18 Fundi Hesabu

Mama, shikamoo. Nimefundisha hili miaka sita, sijawahi kulisema kwa ufupi hivyo.

#19 Hisa Tatu

Nimekubali kwenye 25.33, nafuta #15. Lakini kuna kitu bado. Riba ni gharama halisi, kwa nini mnagawa 1,400 ambayo haijatoa riba? Toa riba, upate 1,064, gawanya kwa 17.07. Kiwanda ni bilioni 6.23. Kimeshuka!

#20 Kijana wa Nakuru

Hapo umehesabu deni mara mbili, ndugu yangu. Riba tayari imo ndani ya 17.07, ile sehemu ya 12 mara 0.70. Ukishaitoa juu huwezi kuitumia tena chini. 1,064 ni pesa ya wenye hisa peke yao, igawanye kwa kiwango cha wenye hisa peke yao, 25.33, unapata 4,200. Ongeza deni, 8,200. Njia mbili, jibu moja. Zikikupa majibu mawili tofauti ujue kuna mahali umechanganya.

Mwajiri wangu wa zamani alifanya kosa hilo na la pili juu yake: kwa namba za hapa ni sawa na kupunguza kodi kwenye mtiririko wa pesa kwa kutumia 456 badala ya 600, kisha kutumia tena 8.4 kwenye wastani. Nafuu moja ya kodi ililiwa mara mbili. Mradi ukaonekana mzuri, ukapitishwa.

#21 Mpemba Mtulivu

Assalaam alaykum. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi kwa jina langu, si kampuni. Nikichukua mkopo nami nitapata hiyo 1.2?

#22 Mama Kodi

Waalaykum salaam. Kwako ni hesabu nyingine, unalipa kodi ya mtu binafsi. Kama hutengenezi mahesabu na unakadiriwa kwa mauzo, riba haikupunguzii kitu, kwa sababu kodi yako haiangalii gharama. Fungua uzi wako, nitakuja.

#23 Dereva Mstaafu

Nimesoma yote, nimeelewa nusu. Lakini naona mmesahau jambo. Mnasema TRA analipa 144 kila mwaka. Malori yangu yalipoanza kula hasara sikulipa kodi. Hiyo nafuu ningeipata kwa nani?

#24 Fundi Hesabu

Mzee, hilo ndilo shimo kubwa la #13. Nafuu ipo mwaka ambao kuna faida ya kukatwa kodi. Kwenye hasara unaibeba kwenda mbele ukisubiri, na ikisubiri inapungua thamani. Kampuni inayokopa hadi riba inameza faida yote imefuta nafuu yake yenyewe.

Angalia Kenya Airways. Mwaka 2017 madeni yaligeuzwa kuwa hisa, serikali ya Kenya ikafika asilimia 48.9 na mabenki yakapata 38.1 kupitia kampuni yao. Shirika lilikuwa limekaa na hasara kubwa. Deni lake halikuwa likipata nafuu yoyote ya kodi miaka hiyo, ila hatari yake ilikuwa yote.

#25 Kijana wa Nakuru

KQ ina mengi, ndege na mafuta na siasa. Usiiweke yote kwenye deni.

#26 Fundi Hesabu

Sijasema deni liliizamisha. Nimesema kwenye hasara, 0.30 kwenye kanuni ni sifuri. Weka sifuri uone: unarudi kwenye wastani wa 20.

#27 Dereva Mstaafu

Na gharama inaanza kabla hujashindwa kulipa. Siku watu walipojua benki inanidai, mwenye matairi alitaka pesa taslimu. Fundi alitaka pesa taslimu. Kabla ya hapo nilikuwa nalipa mwisho wa mwezi. Kiwanda cha alizeti kinachukua mbegu za wakulima kwa mali kauli au taslimu?

#28 Mizani ya Singida

Msimu ukichanganya, kama theluthi ni mali kauli, mzee. Sikuwa nimeifikiria hiyo kabisa. Wakulima wakisikia bilioni 4 wataipeleka mbegu kwa jirani.

#29 Kibosho Juu

Basi wastani unashuka kisha unapanda, kama bakuli. Mwanzo nafuu ya kodi inavuta chini, baadaye hofu inavuta juu. Hata benki yenyewe haitakupa 12 ukizidi kuongeza deni.

#30 Fundi Hesabu

Wengi wanalichora hivyo. Miller mwenyewe hakuridhika. Mwaka 1977 alidai kodi anazolipa mkopeshaji binafsi kwenye riba zinaweza kula sehemu kubwa ya nafuu ya kampuni, au hata yote, bila kuhitaji hofu ya kufilisika. Hadi leo wanabishana ni ipi.

#31 Mama Kodi

Tuache 1977 kidogo, nina maswali mawili kwa dada Mizani. La kwanza: mkopo huo wa benki utalipwa namna gani? Mnalipa riba tu milele, au mnapunguza deni?

#32 Mizani ya Singida

Miaka 5. Milioni 800 za deni kila mwaka pamoja na riba ya kinachobaki.

#33 Mama Kodi

Nilijua. Sasa Fundi, ile 1.2 ni ya deni lisilolipwa kamwe. Hii ni ya miaka 5. Riba itakuwa 480, 384, 288, 192, 96. Nafuu ya kodi ni 144, 115.2, 86.4, 57.6, 28.8. Jumla milioni 432 bila hata kuzirudisha kwenye thamani ya leo. Ukizirudisha kwa asilimia 12 ni milioni 335.

Milioni 335, sio 1,200. Ni chini ya theluthi.

#34 Fundi Hesabu

Nimekosa kuuliza, na nilitakiwa kuuliza kwanza. Ile 17.07 basi ifute, dada Mizani, usiipeleke kikaoni. Deni linaloshuka kila mwaka halina wastani mmoja. Uzito unabadilika, 25.33 nayo inashuka kila deni linapopungua, hadi mwaka wa sita mmerudi 20. Kwa deni la namna hii ni afadhali kuthaminisha kiwanda kama hakina deni, bilioni 7, kisha uongeze nafuu peke yake. Unapata 7.335.

#35 Hisa Tatu

Si useme tu wastani ni 1,400 gawanya 7,335, asilimia 19.09?

#36 Fundi Hesabu

Unaweza kuisema, ila si gharama ya mtaji ya mwaka wowote. Ni namba iliyopatikana baada ya jibu kujulikana.

#37 Kibosho Juu

Mimi ningezirudisha kwa 20, sio 12. Nafuu inategemea faida ya alizeti, haitegemei ahadi ya benki. Msimu ukiharibika nafuu haipo. Kwa 20 inakuwa milioni 289.

#38 Fundi Hesabu

Kwa ratiba iliyoandikwa kwenye mkataba, 12 inatetewa. Kama mngekuwa mnaongeza na kupunguza deni kufuata thamani ya kiwanda, ningekufuata kwenye 20.

#39 Kibosho Juu

Mkataba umeandika riba. Haujaandika mvua.

#40 Kijana wa Nakuru

Ngojeni, mbona hamjaona kitu kikubwa? Ndugu wawili, nusu kwa nusu, kiwanda bilioni 7. Nusu ya mdogo ni 3.5. Anataka 4. Kwenye hesabu ya deni la milele, mkubwa anabaki na 8.2 toa 4, ni 4.2. Amepata zaidi ya 3.5 yake. Lakini kwa deni la miaka 5 anabaki na 7.335 toa 4, ni 3.335. Amepoteza milioni 165. Kwa hesabu ya Kibosho amepoteza 211.

Yaani bosi anaingia kikaoni akidhani anapata sita, kumbe anatoa.

#41 Mizani ya Singida

Nimeisoma hii mara tatu. Nimeifungua Excel nikaihesabu upya, ni kweli 165.

#42 Hisa Tatu

Ila anapata kiwanda peke yake. Kutogombana na ndugu kila mwezi kuna bei. Huenda ni zaidi ya 165.

#43 Mama Kodi

Huenda, aseme mwenyewe. Swali langu la pili sasa, na hili linaweza kufuta hata hiyo 335. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu kutoa riba ya deni ambalo pesa yake ilitumika kuzalisha mapato. Pesa hii haiendi kwenye mashine wala mbegu, inaenda mfukoni mwa mwanahisa anayeondoka. Mkaguzi atauliza imezalisha mapato gani. Wapo wanaojenga hoja kwamba inachukua nafasi ya mtaji uliokuwa unazalisha. Nimeona hoja ikikubaliwa na nimeona ikikataliwa. Na kampuni kununua hisa zake yenyewe kuna masharti ya sheria ya kampuni, hapo mpate wakili.

#44 Fundi Hesabu

Ikikataliwa, nafuu ni sifuri, na mkubwa anabaki na bilioni 3 tu baada ya kulipa 4. Nchi ya #5 kabisa, ila ana kodi juu.

#45 Dereva Mstaafu

Mimi ningemwambia mdogo apokee 3.5.

#46 Mizani ya Singida

Nimerudi, kikao kimeisha. Nilianza na kosa la ile 20 kuachwa palepale, kwa mfereji wa @Kibosho Juu. Bosi alielewa haraka kuliko nilivyodhani, amezaliwa kwenye mifereji. Kwenye 165 alinyamaza muda mrefu. Suala la riba kukubaliwa au kukataliwa mshauri wetu wa kodi hajajibu.

Mdogo hakukubali 3.5. Lakini amesema yuko tayari kupokea kidogokidogo kutoka kampuni kwa miaka 8, kwa riba ya asilimia 10, bila benki. Deni linakaa muda mrefu zaidi, riba ni ndogo. Sijui kama hiyo ni nafuu kwa bosi au la.

#47 Mama Kodi

Kabla hujahesabu: riba unayomlipa mtu binafsi unakata asilimia 10 ya zuio na kupeleka TRA. Benki ya hapa nchini hukuwa unaikata. Muulize mdogo kama asilimia 10 anayoisema ni kabla au baada ya hiyo.

#48 Mizani ya Singida

Nampigia sasa hivi.